Wimbi Linalopanda Ukifumba Macho

Mwambie mtu mzima aliyekaa ametulia afumbe macho bila kulala. Ndani ya sekunde moja au mbili kuna jambo litatokea kisogoni pake. Umeme hafifu unaotoka kwenye ubongo, ambao punde tu ulikuwa ukitetemeka bila utaratibu, unaanza kupanda na kushuka kwa mdundo mmoja, mara 10 hivi kila sekunde. Akifumbua macho, mdundo unafifia. Watu wengi wanao, ingawa kwa wachache hauonekani vizuri.

Aliyeuona kwanza kwa binadamu ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani. Alianza kurekodi mwaka 1924, akarudia vipimo vyake kwa miaka mitano, na miongoni mwa waliopimwa alikuwemo mwanawe Klaus. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1929. Mdundo ule mkubwa aliuita alfa, na vijiwimbi vidogo vya haraka vinavyobaki macho yakiwa wazi akaviita beta. Wanasayansi wengi hawakumwamini mpaka mwaka 1934, pale Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge, Uingereza, walipojipima vichwa vyao wenyewe na kuukuta mdundo uleule. Kipimo hicho ndicho madaktari wanachokiita EEG, na hapa Afrika Mashariki wengi wetu tumekisikia kwa sababu ya kifafa.

Kinachopimwa ni nini hasa? Seli moja ya ubongo haitoi umeme wa kutosha kufika juu ya ngozi. Wimbi linaloonekana ni jumla ya seli nyingi mno za gamba la ubongo, zilizopangwa kwa kusimama sambamba, zinapopokea ishara kwa wakati mmoja. Zikipokea kila moja kwa wakati wake, umeme wa moja unafuta wa nyingine na juu ya ngozi hapafiki kitu. Kwa hiyo wimbi kubwa halisemi kwamba ubongo unafanya kazi kubwa. Linasema kwamba seli nyingi zinakwenda pamoja. Naomba msomaji alishike hilo, maana makosa mengi yanayofanywa kuhusu mawimbi ya ubongo yanatokana na kulisahau.

Hata zikienda pamoja, kinachofika kwenye elektrodi ni makumi machache ya mikrovolti, na mikrovolti moja ni sehemu moja ya milioni ya volti. Elektrodi lazima ishike ngozi ya kichwa vizuri, tena ngozi iliyosafishwa mafuta. Vifaa vya kawaida vilibuniwa bila kufikiria nywele nzito za kipilipili, na watu wenye nywele hizo wamekuwa wakipata vipimo vibaya au kuachwa nje ya tafiti. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, Arnelle Etienne na wenzake wametengeneza vibanio vya elektrodi vinavyokaa katikati ya mistari ya misuko, ambayo husukwa kwa kufuata sehemu zinazotakiwa kupimwa. Ni hatua ninayoiona kubwa, kwa sababu hakuna hesabu inayoweza kuokoa kipimo ambacho elektrodi yake haikugusa ngozi.

Berger alipima mawimbi yake kwa macho. Kwa alfa hilo linawezekana, kwa kuwa ni kubwa. Lakini karatasi ya EEG ni mchanganyiko: mdundo wa polepole umebeba wa haraka, wa haraka umebeba vijiwimbi vingine, na juu yake kuna mikwaruzo isiyo na mdundo wowote. Ili kujua kila kimoja kiko kwa kiasi gani, lazima mchanganyiko uchambuliwe, na uchambuzi huo una mwenyewe. Joseph Fourier, Mfaransa aliyekuwa akichunguza namna joto linavyosafiri ndani ya vitu, aliwasilisha wazo lake mwaka 1807 na kulitolea kitabu mwaka 1822. Alisema kwamba umbo linalojirudia, hata liwe na mikunjo ya namna gani, linaweza kuundwa kwa kujumlisha mawimbi safi, yale yanayopanda na kushuka kwa ulaini bila kona, kila moja likiwa na kasi yake na kimo chake. Na kama linaweza kujumlishwa, basi linaweza pia kuchambuliwa likarudi kwenye vipande vyake.

Mtu wa pwani anaufahamu mchanganyiko wa aina hii bila kuambiwa. Mwezi unavuta bahari ijae na kupwa kila baada ya saa 12 na dakika 25. Jua nalo linaivuta kila baada ya saa 12 kamili, kwa nguvu ndogo zaidi. Midundo hiyo miwili ikiangukiana, tunapata bamvua. Ikipingana, tunapata maji mafu. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni karibu siku 15. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lodi Kelvin, alitumia hesabu ya Fourier katika karne ya 19 kutenganisha midundo ya bahari, kisha akabuni mashine ya kuijumlisha upya ili kutabiri maji. Majedwali ya kujaa na kupwa ya Mombasa na Dar es Salaam leo yanakokotolewa kwa wazo hilohilo.

Bahari inatufundisha jambo jingine tutakalolihitaji. Aliyepima maji kwa siku moja tu hawezi kutenganisha mvuto wa mwezi na wa jua, kwa sababu tofauti ya dakika 25 ni ndogo mno. Atawatenganisha akipima kwa siku 15 hivi, yaani muda ambao midundo hiyo miwili inahitaji kupishana na kukutana tena. Midundo inayokaribiana haitenganishiki mpaka ipimwe kwa muda wa kutosha. Kanuni hiyo haina huruma, na haibadiliki mtu anapotoka baharini kwenda kwenye ubongo.

Sasa tuifanye hesabu yenyewe. Tuchukue sekunde 2 za EEG kutoka kisogoni, mtu akiwa amefumba macho. Mashine imesoma umeme mara 256 kila sekunde, kwa hiyo tunazo namba 512 zilizopangwa kwa mfuatano. Swali letu: ndani yake, mdundo wa mara 10 kwa sekunde, yaani hezi 10, uko kwa kiasi gani? Tunatengeneza wimbi safi la hezi 10 lenye kimo cha 1, nalo tunalisoma mara 512. Tunazidisha namba ya kwanza ya EEG kwa namba ya kwanza ya wimbi letu, ya pili kwa ya pili, hadi mwisho. Kisha tunatafuta wastani wa majibu yote.

Kama ndani ya EEG umo mdundo wa hezi 10 unaopanda na kushuka sawia na wimbi letu, chanya itakutana na chanya na hasi itakutana na hasi. Hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo majibu yote yanaegemea upande mmoja na wastani unabaki mkubwa. Mdundo wenye kimo cha mikrovolti 40 utatoa wastani wa 20, nusu kamili ya kimo chake. Lakini kama kilichomo ni mdundo wa hezi 6, mara utaenda na wimbi letu, mara utapingana nalo, na katika sekunde 2 majibu ya chanya na ya hasi yatafutana hadi sifuri. Wimbi la kupimia linaitikia mdundo unaolingana nalo na kuipuuza mingine. Huo ndio moyo wa hesabu ya Fourier, na yaliyosalia ni kuirudia.

Kuna kikwazo kimoja. Ubongo haujui sisi tumeanza kuhesabu saa ngapi. Mdundo wa hezi 10 unaweza kuwepo, lakini ukawa umechelewa kwa robo ya mzunguko, na hapo wastani utakuwa sifuri ingawa mdundo uko wazi kabisa. Ndiyo maana hutumika mawimbi mawili ya kupimia, la pili likiwa limesogezwa robo ya mzunguko. Tuseme la kwanza limetupa 16 na la pili 12. Tunazidisha kila moja kwa yenyewe, tunapata 256 na 144, jumla 400. Kipeuo cha pili cha 400 ni 20. Tunazidisha kwa mbili, na tunakipata kimo chetu, mikrovolti 40. Mdundo ungeanza mahali pengine popote, majibu hayo mawili yangebadilika, lakini 40 ingebaki 40.

Baada ya hezi 10 tunarudia kwa hezi 10.5, kwa 11, kwa 11.5 na kuendelea. Kwa nini nusu nusu? Kwa sababu tumepima sekunde 2, na hii ndiyo kanuni ya bamvua: ugawe mmoja kwa urefu wa muda katika sekunde, utapata hatua ndogo kabisa ya hezi unayoweza kuitofautisha. Anayetaka hatua ya robo hezi apime sekunde 4. Lakini akipima sekunde 4, hatajua mdundo ulikuja katika sekunde ya kwanza au ya mwisho. Usahihi wa mdundo unanunuliwa kwa kupoteza usahihi wa wakati, na hakuna kompyuta inayoweza kukwepa malipo hayo. Upande wa juu pia una kikomo. Ukisoma mara 256 kwa sekunde, unafika hezi 128 tu, nusu yake. Wimbi la haraka kuliko hapo hujitokeza kwa sura ya wimbi la polepole ambalo halipo, ndiyo maana mashine huyachuja mawimbi hayo kabla ya kuanza kusoma.

Majibu yote yakipangwa kwenye mchoro, hezi chini na kiasi upande wa kushoto, tunapata spektra. Kwa kawaida huchorwa nguvu, ambayo inakwenda na kimo kilichozidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo tofauti zinakuzwa sana. Mtu wetu akifumbua macho na kimo cha alfa kikashuka kutoka mikrovolti 40 hadi 10, nguvu inashuka mara 16. Kwenye mchoro kile kilima cha hezi 10 kinakaribia kusawazishwa na ardhi.

Mwaka 1932, mtafiti aitwaye Dietsch aliifanya hesabu hii kwa mkono juu ya vipande vifupi vya rekodi za ubongo. Mwaka 1943 William Grey Walter wa Bristol, Uingereza, alikuwa na mashine ya kuchambua mawimbi papo hapo. Lakini mlango ulifunguka hasa mwaka 1965, pale James Cooley na John Tukey walipochapisha njia ya mkato. Kwa namba zetu 512, njia ndefu inataka kuzidisha mara 262,144. Njia ya mkato inataka mara 5,000 hivi tu. Leo simu ya mkononi inaimaliza kabla hujapepesa jicho.

Wepesi huo umeleta tatizo lake. Kompyuta itatoa jibu kwa kila hezi, hata pale ambapo hakuna mdundo wowote. Mikwaruzo isiyo na utaratibu nayo ina spektra: mteremko ulio juu upande wa mawimbi ya polepole na unaoshuka kuelekea ya haraka. Programu inayojumlisha nguvu zote kati ya hezi 4 na 8, ikaandika kwamba theta ni kiasi fulani, haijathibitisha kwamba kuna mdundo wa theta. Imepima upana fulani wa mteremko. Mdundo wa kweli huonekana kama kilima kinachosimama juu ya mteremko, kama alfa ya kisogoni inavyosimama. Mteremko wenyewe hubadilika: kwa wazee huwa mlalo zaidi kuliko kwa vijana, na ukibadilika, namba za bendi zote zinabadilika kwa pamoja bila mdundo hata mmoja kuguswa.

Mipaka ya bendi nayo ni makubaliano ya watu. Tunasema theta ni hezi 4 hadi 8, alfa 8 hadi 13, beta 13 hadi 30, na gama kutoka hapo kwenda juu. Lakini kilima cha alfa hakikai mahali pamoja maisha yote. Kwa mtoto mdogo kiko chini, kwa kijana mzima kiko karibu na hezi 10, na uzeeni hurudi nyuma. Chukua babu ambaye alfa yake imeshuka hadi hezi 7.5. Akifumba macho, kilima chake kinapanda vizuri kisogoni. Lakini programu inakihesabu upande wa theta, na ripoti inatoka ikisema theta yake imezidi na alfa yake imepungua. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Mdundo ni uleule, umevuka mstari uliochorwa na kamati. Namna ya kugundua kosa hilo ni nyepesi: itazame spektra nzima, wala usiridhike na jedwali la namba nne. Kisha uulize kama kilima kile kinafifia macho yakifumbuliwa. Kikififia, ni alfa, hata kikisimama kwenye hezi 7.5.

Alfa ina maana gani, basi? Kwa miongo mingi jibu lilikuwa kwamba ni ubongo ulio pumzikoni, kwa kuwa hupanda mtu anapofumba macho na kushuka anapotazama. Jibu hilo linaridhisha, lakini halitoshi. Mwaka 2000 watafiti Michael Worden, John Foxe na wenzao wa New York walichapisha jaribio lililoligeuza. Mtu anakodolea macho katikati ya kioo, kisha anapewa ishara: kaa tayari, kitu kitatokea kushoto, au kulia. Bado hakijatokea. Katika kusubiri huko alfa ya kisogoni inagawanyika. Upande wa ubongo unaohudumia eneo analopaswa kulitazama, alfa iko chini. Upande unaohudumia eneo analopaswa kulipuuza, alfa iko juu. Mtu huyu hapumziki hata kidogo. Yuko makini kuliko kawaida, na alfa yake inapanda palepale penye kitu cha kuzuiwa.

Miaka miwili baadaye Ole Jensen na wenzake waliwapa watu herufi chache za kukariri na kushikilia kichwani kwa sekunde kadhaa. Kadiri herufi zilivyoongezeka, alfa ya nyuma iliongezeka pia. Kama alfa ingekuwa alama ya kupumzika, ingepungua kazi inapokuwa nzito. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba alfa ni njia ya kufunga mlango: sehemu isiyohitajika kwa wakati ule inawekwa kwenye mdundo unaopunguza uwezo wake wa kupitisha habari, ili zile zinazofanya kazi zisisumbuliwe. Mwenye kushikilia herufi kichwani hana haja ya habari mpya za macho. Naliona hili kuwa somo kubwa kuliko yote ambayo spektra imetupa kuhusu fikra: kufikiri kunahitaji kuzima, na kuzima huko kunaonekana kwenye EEG kama wimbi kubwa.

Theta ilipata jina lake mwaka 1944 kutoka kwa Walter na Vivian Dovey, waliokuwa wakichunguza wagonjwa wenye uvimbe ndani ya ubongo. Ndiyo bendi inayochanganya watu zaidi, kwa sababu ina sura mbili zinazopingana. Mtu akianza kusinzia, alfa yake inavunjika na theta inasambaa sehemu kubwa ya kichwa. Lakini mpe mtu yuleyule, akiwa macho kabisa, hesabu ngumu ya kichwa, na theta nyingine itapanda mbele, kwenye mstari wa katikati juu ya paji la uso. Hii ya pili inahusishwa na kumbukumbu ya muda mfupi na na ile hali ya kujidhibiti: unapotakiwa kutaja rangi ya wino huku neno lililoandikwa ni jina la rangi nyingine, au unapogundua kwamba umekosea. Hezi ni zilezile, maana ni mbili. Anayetaka kuzitofautisha aangalie iko wapi kichwani na mtu alikuwa akifanya nini wakati ule. Namba ya theta isiyokuja na habari hizo mbili haisemi chochote.

Beta inafungamana zaidi na mwendo. Juu ya sehemu ya ubongo inayoongoza mkono, beta hushuka kabla mkono haujasogea, hubaki chini mkono ukiwa kazini, kisha huruka juu kuliko mwanzo ukishatulia. Kwa wagonjwa wa Parkinson waliowekewa elektrodi ndani kabisa ya ubongo, beta imeonekana kuzidi, na hupungua wanapopata dawa ya levodopa, sambamba na kulegea kwa ule ukakamavu wa mwili. Kuna watu wanaopenda kusema beta ni wasiwasi, lakini ushahidi wa hilo ni dhaifu. Dawa za jamii ya diazepam, ambazo hupewa watu wenye wasiwasi ili watulie, huongeza beta kwa kiasi kinachoonekana kwa macho.

Beta ina mtego mwingine uliomo ndani ya hesabu yenyewe. Fourier anajua mawimbi safi tu. Akipewa mdundo wa hezi 10 wenye umbo la upinde, wenye ncha upande mmoja na mviringo upande wa pili, ataueleza kwa kuweka wimbi la hezi 10 na kuongeza jingine la hezi 20 ili kuchonga ile ncha. Mdundo wa namna hiyo upo kweli juu ya sehemu ya ubongo inayoongoza mikono. Spektra itaonyesha vilima viwili, na asiyejua atatangaza kwamba ameona alfa na beta, kumbe mdundo ni mmoja. Kilima cha pili kikikaa mara mbili kamili ya cha kwanza, na vikawa vinapanda na kushuka pamoja, rudi kwenye wimbi lenyewe ulitazame umbo lake.

Gama ndiyo iliyobeba matumaini makubwa zaidi. Mwaka 1989 Charles Gray na Wolf Singer, Frankfurt, walionyesha kwamba seli za paka zinazohudumia macho, hata zikiwa mbalimbali, huanza kufyatuka pamoja kwa karibu hezi 40 zinapoona mistari inayosogea kama kitu kimoja. Huenda basi, walidhani wengi, hivi ndivyo ubongo unavyounganisha rangi, umbo na mwendo kuwa kitu kimoja tunachokiona. Wazo hilo linajadiliwa mpaka leo. Lakini kwa paka elektrodi zilikuwa ndani ya ubongo. Juu ya ngozi ya binadamu kuna misuli.

Misuli ya paji la uso, ya taya na ya shingo hutoa umeme kuanzia takribani hezi 20 na kupanda, palepale beta na gama zinapokaa, tena kwa nguvu kubwa kuliko ya ubongo. Ili kujua ni kiasi gani, Emma Whitham na wenzake huko Adelaide, Australia, walifanya jaribio la kishujaa lililochapishwa mwaka 2007. Watu waliojitolea walilazwa misuli yao yote kwa dawa, wakapumuliwa kwa mashine, huku akili zao zikiwa macho. EEG ikapimwa kabla na baada. Misuli ilipozimika, nguvu ya umeme juu ya kichwa kati ya hezi 25 na 100 ilishuka kati ya mara 10 na mara 200. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile kilichokuwa kikiitwa gama ya ubongo ilikuwa misuli.

Mwaka uliofuata Shlomit Yuval-Greenberg na wenzake wa Israeli walionyesha kwamba hata mlipuko wa gama unaokuja chini ya theluthi moja ya sekunde baada ya mtu kuona picha, ambao tafiti nyingi ziliujengea hoja, unaweza kutokana na mishtuko midogo ya macho isiyohisiwa na mwenyewe. Ongeza umeme wa ukutani, ambao Kenya na Tanzania ni wa hezi 50 na husimama kama mwiba katikati ya bendi hiyo. Gama ya ubongo ipo, na inapimika vizuri kwa wagonjwa waliowekewa elektrodi ndani kabla ya upasuaji. Lakini mkanda unaovaliwa kwenye paji la uso, ukakuambia kwamba gama yako imepanda kwa sababu unawaza kwa kina, umekaa juu ya msuli unaokunja paji hilo. Ukikaza taya, itapanda zaidi.

Jambo hili linawagusa wazazi moja kwa moja. Uwiano wa theta kwa beta umekuwa ukitajwa kama kipimo cha watoto wasiotulia na wasioweza kukaza akili darasani, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kifaa kinachoutumia kama msaada kwa daktari. Msomaji aliyefika hapa anaweza kuona mwenyewe matundu yake: mtoto aliyesinzia theta itapanda, mtoto ambaye alfa yake bado iko chini kwa umri itahesabiwa kuwa theta, na mtoto aliyekaza uso beta itavimba kwa misuli. Mwaka 2016 chuo cha madaktari wa neva wa Marekani kilitoa ushauri kwamba uwiano huo usichukue nafasi ya uchunguzi wa kawaida wa daktari. Kwa hiyo mzazi, ukiletewa ripoti yenye ubongo wa rangi nyekundu na bluu na namba za bendi nne, omba uonyeshwe mawimbi yenyewe, na uulize kama mtoto alikuwa amelala vizuri, macho yalikuwa wazi au yamefumbwa, na nani mwenye ujuzi wa EEG aliyeyasoma. Asipokuwepo wa kujibu, usimwanzishie mwanao dawa kwa ripoti hiyo.